Dakika 40, kisha daftari lifungwe

Ndugu wazazi na walezi wa Darasa la Nne,

Kuanzia muhula ujao, kazi ya nyumbani haitazidi dakika 40 kwa siku, Jumatatu hadi Alhamisi, masomo yote yakijumlishwa. Walimu watapatana kila asubuhi nani atatoa zoezi siku hiyo, ili mtoto asirudi nyumbani na kazi za masomo matatu zilizotolewa na walimu wasiojua mwenzao ametoa nini.

Kipimo hiki kinafuata kanuni ya dakika 10 kwa kila darasa, ambayo mtafiti wa Marekani Harris Cooper ameiunga mkono. Uchambuzi aliouchapisha na wenzake mwaka 2006 ulionyesha kuwa uhusiano wa kazi ya nyumbani na ufaulu una nguvu zaidi sekondari kuliko shule ya msingi. Kwa umri wa watoto wetu, hatuna sababu ya kuwakeshesha.

Zoezi litahusu tu jambo lililokwisha kufundishwa. Lina kazi mbili: mtoto alikumbuke somo baada ya saa kadhaa bila mwalimu kuwa karibu, na mwalimu aone kesho yake ni wapi palipokwama. Hili la pili ndilo linaloharibika kwa urahisi. Chukua hesabu ya 402 − 178. Mtoto akiandika 376, mwalimu anatambua mara moja kwamba katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa, bila kujali ipi iko juu. Hajaelewa kuazima, hasa penye sifuri. Kaka mtu akifuta na kuandika 224, jibu ni sahihi, lakini mwalimu ataendelea na mada mpya huku mtoto akibaki na kosa lake.

Kwa hiyo, dakika 40 zikiisha kabla ya kazi kuisha, mtoto apige mstari chini ya swali la mwisho alilofanya, aandike saa, nawe utie saini. Mzazi asiyeweza kuandika hahitaji kutia saini; mstari wa mtoto unatosha. Swali likimshinda, aliruke, lakini aache alichojaribu bila kukifuta. Aliposaidiwa, aandike “M” pembeni. Kama umeme ulikatika au mtoto aliugua, sentensi moja inatosha.

Hakuna atakayeadhibiwa wala kunyimwa mapumziko kwa kazi iliyofika kwenye mstari. Maswali yaliyobaki hayatarundikwa juu ya kazi ya kesho. Mstari ukionekana siku tatu katika wiki moja, mwalimu wa darasa atakaa na mtoto amtazame akifanya swali moja hadi mwisho. Akikuta mtoto anajua ila anaandika polepole, atampunguzia idadi ya maswali; akikuta hajaelewa, atamfundisha upya. Baada ya hapo atakupigia simu kukueleza alichokuta.

Mwalimu wa Taaluma