Starta ina nguvu, ekzosi haina moshi

Juni na Julai, Nyanda za Juu Kusini huwa na asubuhi za baridi kali. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea uwanda wa Kitulo, juu ya mita 2,600, kuna siku unakuta nyasi zimefunikwa na sakitu nyeupe. Hiyo ndiyo miezi ambayo mafundi wa huko wanaamshwa mapema. Pikapu ya dizeli iliyolala uani inageuzwa ufunguo, starta inazungusha injini kwa kasi, taa hazififii, lakini injini haiwaki. Mwenye gari anarudia mpaka betri inaanza kuchoka, na hapo ndipo anaamua kwamba tatizo ni betri.

Betri iliyozungusha injini kwa kasi tangu mwanzo haina kosa. Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ipate moto wa kutosha, kisha dizeli inapulizwa ndani na nozeli na kuwaka yenyewe. Kwenye injini za zamani za pikapu hewa hubanwa kiasi cha mara 22, na injini ikiwa na joto lake hewa hiyo hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Asubuhi ya baridi chuma huinyonya sehemu ya joto hilo, ndiyo maana kuna hita plagi za kukipasha moto chumba cha kuwakia kabla ya kupiga starta. Kwa hiyo injini inahitaji mzunguko wa kasi, joto na dizeli. Starta ikiwa na nguvu, la kwanza limeshathibitika. Yanabaki mawili, na yanatofautishwa kwa macho tu, bila kufungua hata nati moja.

Mweke mtu nyuma ya gari aangalie ekzosi wakati wewe unapiga starta. Ukitoka moshi mweupe au wa kijivu wenye harufu ya dizeli inayochoma macho, maana yake dizeli inafika ndani ya silinda ila haiungui. Hapo ndipo pa kushuku hita plagi, rilei yake au kubanwa kwa hewa kulikopungua. Usipotoka moshi wowote, dizeli haifiki, na hita plagi mpya hazitasaidia kitu. Swali hili la moshi ndilo ninalouliza kabla ya jingine lolote, na nasikitika kuona linavyorukwa na mafundi wanaojua kazi yao vizuri.

Nieleze kwa gari moja. Ilikuwa Hilux ya injini ya 3L, ile yenye pampu ya kawaida isiyotawaliwa na kompyuta, mali ya mzee anayesafirisha viazi. Alikuwa ameshanunua betri mpya na kubadilisha hita plagi zote nne.

"Fundi, kila kitu kipya, na bado asubuhi haiwaki. Mchana ukiisukuma inawaka."

"Mzee, shikamoo. Ukipiga starta, moshi unatoka?"

"Marahaba. Moshi? Hapana, hakuna kabisa."

Nilimuuliza pia gari linavyopanda mlima. Alisema tangu wiki iliyotangulia lilikuwa linaishiwa nguvu kwenye kilima likiwa na mzigo, na akipunguza mwendo linarudi sawa. Jibu hilo lilitosha kunipeleka kwenye filta ya dizeli, kwa sababu injini yenye mzigo hutumia dizeli nyingi na filta iliyoziba haiwezi kuipitisha kwa kiasi hicho.

Lakini filta iliyoziba ingezuia gari asubuhi na mchana pia. Kwa nini asubuhi tu? Kwenye Hilux ya aina ile hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu kubwa ya injini ndiyo inayovuta dizeli kutoka tangini, kupitia filta, kwa nguvu ya kunyonya peke yake. Wakati wa kupiga starta injini inazunguka polepole mno ikilinganishwa na ikiwa imewaka, hivyo nguvu ya kunyonya ni ndogo kupita wakati wowote mwingine. Baridi nayo inaifanya dizeli iwe nzito. Ndani ya dizeli kuna nta, na baridi ikizidi nta hiyo huanza kujikusanya chembe chembe kama mafuta ya nazi yanavyoganda chupani. Dizeli inayoandaliwa kwa ajili ya nchi za joto huanza kufanya hivyo mapema kuliko ile ya majira ya baridi inayouzwa Ulaya. Filta safi hupitisha dizeli nzito bila shida. Filta iliyokwisha ziba nusu hubakiwa na matundu machache, na hayo ndiyo nta inayakalia. Jua likichomoza na gari likipata joto kidogo, njia inafunguka tena, na mwenye gari anaamini tatizo limejimaliza.

Kuna jambo la pili linaloambatana na hilo. Pampu ikihangaika kunyonya kupitia filta iliyoziba, inavuta hewa kwenye kiungo chochote dhaifu, kama klipu iliyolegea au mpira uliopasuka. Usiku kucha dizeli inarudi tangini polepole na nafasi yake inachukuliwa na hewa. Asubuhi pampu inakuta hewa, na pampu za aina hii haziwezi kusukuma hewa kufungua nozeli.

Kwenye gari la mzee nilianza na ukaguzi mdogo ambao haugharimu chochote. Juu ya pampu kuna kivalvu cha umeme kinachofungua njia ya dizeli ukiweka swichi. Mtu akigeuza ufunguo bila kupiga starta, anayesikiliza karibu na pampu anapaswa kusikia "tak" moja. Kisipolia, dalili zitakuwa zile zile za kukosa moshi, na filta haina hatia. Chake kilikuwa kinalia.

Kisha nikaenda kwenye filta yenyewe. Juu yake kuna kitufe cha kubonyeza kwa mkono, ambacho ni pampu ndogo ya kujazia dizeli. Nilichomoa mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu kubwa, nikauelekeza kwenye chupa safi, nikabonyeza. Filta nzima inarusha dizeli kwa nguvu kila ukibonyeza. Hii ilikuwa inadondosha matone, na kitufe kilikuwa kigumu chini ya kidole. Ugumu peke yake usikudanganye, maana hata mfumo mzima ulio sawa huwa mgumu ukishajaa. Kinachotoa ushahidi ni ugumu pamoja na matone. Kitufe kikizama na kuchelewa kurudi juu, kizuizi kiko nyuma, upande wa tangi. Kikiwa laini muda wote bila kukaza, tafuta panapoingia hewa.

Chini ya filta kuna kizibo cha kumwagia maji. Nilipokilegeza, kilichotoka kwanza kilikuwa maji machafu, kisha dizeli. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutulia chini. Tangi linalolala nusu tupu kwenye baridi hutoa jasho kwa ndani, na dizeli inayotoka kwenye madumu na mapipa huja na maji yake. Mzee alikuwa akijaza kutoka kwenye pipa.

Kubadilisha filta ni kazi ndogo, lakini hapa ndipo gari linaweza kurudi gereji kesho yake. Sensa ya maji hufunguliwa kwenye filta ya zamani na kuhamishiwa kwenye mpya, na oringi yake lazima iwe mpya. Oringi iliyochoka haivujishi dizeli nje, inaingiza hewa ndani, na asubuhi inayofuata gari haliwaki tena huku fundi akiapa kwamba filta ni mpya. Paka mpira wa filta dizeli safi, kaza kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana. Na tafadhali usijaze filta mpya kwa kumimina dizeli ya dumu kwenye tundu la katikati. Tundu hilo ni la upande wa dizeli iliyokwisha chujwa, hivyo uchafu unaomimina pale unakwenda moja kwa moja kwenye pampu na nozeli. Jaza kwa kitufe, ubonyeze mpaka kikaze. Tulipofanya hivyo, starta ya kwanza ilitoa moshi mweupe, ya pili ikawasha injini.

Filta ya zamani niliikata. Ndani, karatasi ilikuwa imefunikwa na utelezi mweusi. Huo hutokana na vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Ukiuona, tangi nalo lishushwe na kuoshwa, la sivyo filta mpya itaziba kabla ya muda wake. Ukikuta mchanga na kutu tu, angalia pipa unalonunulia na chujio la ndani ya tangi.

Gari likigoma, kuna mambo mawili ambayo yanageuza tatizo dogo kuwa la fedha nyingi. Moja ni kupiga starta mfululizo. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikizunguka ikiwa kavu vyuma vyake vinasagana. Piga sekunde 10 mpaka 15, pumzisha dakika moja, na ukikosa moshi mara ya tatu acha. La pili ni dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa. Ikikutana na hita plagi zilizowaka inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja ringi au pistoni.

Kwa magari mapya yenye nozeli za kompyuta, kanuni ya moshi ni ile ile, kwa sababu kompyuta hairuhusu nozeli kupuliza mpaka presha ifikie kiwango chake, na filta iliyoziba inaizuia presha hiyo kupanda. Tofauti ni kwamba huko usilegeze kamwe nati ya bomba la nozeli ili kuona kama dizeli inafika, jambo ambalo mafundi wamezoea kulifanya kwenye injini za zamani. Presha ya kule hupita baa 1,000 na inaweza kupenyeza dizeli ndani ya ngozi. Anayepatwa na hilo apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano.

Kwa barabara zetu na mafuta ya kwenye mapipa, nashauri filta ya dizeli ibadilishwe kila kilomita 10,000, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi. Mwaga maji ya filta kila wiki katika miezi ya baridi, jaza tangi jioni badala ya asubuhi, na uweke filta moja ya akiba na oringi yake nyuma ya kiti.