Mvumo Usiokatika kwa Mtoto Njiti

Mzazi wa mtoto njiti akiambiwa kwamba moyo wa mwanawe una mvumo, kwa kawaida hofu yake huelekea kwenye ule mvumo wenyewe. Hudhani ukisikika sana mtoto yuko hatarini, na ukinyamaza amepona. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mambo mara nyingi huwa kinyume, na ndiyo maana inafaa kueleza mvumo huo unatoka wapi.

Mtoto akiwa tumboni hapumui. Oksijeni anaipata kupitia kondo la nyuma, kwa hiyo hakuna haja ya damu nyingi kupita mapafuni. Sehemu kubwa ya damu iliyokuwa ielekee huko hukatiza kwenye mfereji mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na aota, yaani mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Mfereji huo hubaki wazi kwa sababu oksijeni ya tumboni ni kidogo, na pia kwa sababu ya kemikali iitwayo prostaglandini, ambayo kwa wingi hutoka kwenye kondo. Mtoto aliyetimiza miezi akizaliwa, anavuta pumzi, oksijeni inapanda, kondo halipo tena, na msuli wa mfereji unajikaza. Kwa kawaida ndani ya siku 3 unakuwa umejifunga, na baada ya wiki chache hubaki kano tu.

Kwa njiti, msuli huo bado ni mchanga. Haujibu oksijeni ipasavyo, na hata prostaglandini kidogo iliyobaki hutosha kuulegeza. Mfereji unabaki wazi, na kwenye faili la wodini utaona herufi PDA. Kadiri mtoto alivyozaliwa mapema, ndivyo uwezekano wa kukuta hali hii unavyoongezeka.

Sasa damu inageuza mwelekeo. Shinikizo la mapafu likishuka, damu iliyokwisha kupata oksijeni hutoka kwenye aota na kurudi mapafuni. Aota ina shinikizo kubwa kuliko mshipa wa mapafu moyo unapokaza na pia unapolegea, kwa hiyo damu haiachi kupita. Hapo ndipo unapozaliwa mvumo usiokatika, ambao husikika vizuri zaidi chini ya mtulinga wa kushoto, kama cherehani inayokanyagwa bila kupumzika. Mwaka 1900 George Gibson, daktari wa Edinburgh, aliueleza kwa makini kiasi kwamba hadi leo baadhi ya madaktari wanautaja kwa jina lake.

Lakini Gibson hakuwa akieleza njiti. Katika siku za kwanza shinikizo la mapafu ya njiti bado liko juu, tofauti ya pande mbili ni ndogo, na damu inaweza kupita kimyakimya au ikasikika tu pale moyo unapokaza. Mfereji mpana sana unaweza usitoe sauti yoyote, na mwembamba unaoelekea kufunga ukapiga kelele. Kwa hiyo muuguzi mzoefu hategemei sikio peke yake. Anagusa kiganja cha mtoto na kukuta mapigo yanadunda mahali ambapo kwa kawaida hayasikiki kwa urahisi, anaona kifua kikirukaruka upande wa moyo, anakuta shinikizo la chini la damu limeshuka sana, na mtoto aliyekuwa akipunguziwa oksijeni anaanza kuihitaji zaidi.

Tuchukue mtoto wa wiki 27, gramu 900, ambaye siku ya nne anaonyesha dalili hizo. Anafanyiwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kile wanachokiita eko. Daktari anapima upana wa mfereji. Ukizidi milimita 1.5 anaanza kuutilia maanani. Anaangalia kama chumba cha juu cha kushoto kimetanuka kwa damu inayorudi kutoka mapafuni. Halafu anatazama jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: je, moyo unapolegea, damu ya aota inarudi nyuma badala ya kwenda tumboni? Ikiwa ndivyo, utumbo na figo vinanyimwa damu huku mapafu yakifurika. Hapo ndipo hofu ya utumbo kuharibika, mapafu kuvuja damu na figo kupunguza mkojo inapokuwa ya kweli.

Dawa ndiyo njia ya kwanza ya kuufunga. Tangu mwaka 1976 ilijulikana kwamba indomethasini, dawa inayozuia prostaglandini, inaweza kuufunga mfereji. Leo wengi hutumia ibuprofeni, ambayo haipunguzi sana damu ya figo kama indomethasini. Kipimo cha kawaida ni miligramu 10 kwa kila kilo, kisha 5 na 5 kwa siku mbili zinazofuata. Kwa mtoto wetu ni miligramu 9, halafu 4.5 mara mbili. Kabla ya kila dozi wanaangalia mkojo na chembe sahani za damu, kwani dawa hii inaweza kuzuia mkojo, kusababisha kutokwa damu, na wakati mwingine kutoboa utumbo. Mtoto asiyeweza kuipata, hupewa parasetamoli, kwa kawaida miligramu 15 kwa kilo kila saa 6 kwa siku kadhaa. Hii ni kazi ya wodini tu. Parasetamoli ya nyumbani haitibu mvumo, na kwa kiumbe mdogo hivyo kosa dogo la kipimo linaweza kuumiza ini.

Dawa zikishindwa na mtoto bado anategemea mashine ya kupumulia, mfereji unaweza kuzibwa kwa kifaa. Katheta nyembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, na kizibo kidogo cha wavu wa waya kikaachwa ndani ya mfereji. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kizibo kiitwacho Amplatzer Piccolo kwa watoto wa kuanzia gramu 700. Kikikaa vibaya kinaweza kubana aota au mshipa wa pafu la kushoto, hivyo kinahitaji mikono iliyozoea watoto wadogo kabisa.

Upasuaji una historia ndefu zaidi. Robert Gross alifunga mfereji huu kwa mara ya kwanza kwa mafanikio Boston mwaka 1938, kwa msichana wa miaka 7. Kwa njiti, daktari hupasua ubavu wa kushoto na kuubana mfereji kwa klipu au uzi. Neva inayoendesha sauti imepita jirani kabisa, na ikiguswa mtoto hubaki na kilio cha kukwaruza na shida ya kumeza. Saa 6 hadi 12 baadaye, moyo uliozoea mzigo mmoja unaweza kulegea ghafla, kwa hiyo usiku ule haumwachi daktari alale.

Kwa nini basi baadhi ya madaktari husubiri tu? Kwa sababu mifereji mingi hujifunga yenyewe, na ushahidi umeipa subira nguvu. Utafiti wa BeNeDuctus, uliotoka mwaka 2023, ulifuatilia njiti 273 waliozaliwa kabla ya wiki 28 wakiwa na mfereji mpana. Waliosubiriwa bila dawa, asilimia 46.3 walipatwa na kifo, ugonjwa wa utumbo au ugonjwa sugu wa mapafu. Waliopewa ibuprofeni mapema, asilimia 63.5. Mwaka uliofuata, utafiti wa Uingereza uitwao Baby-OSCAR nao haukuona faida ya kuwahi kutoa ibuprofeni. Kwangu hii haimaanishi kuacha dawa kabisa, kwa kuwa mtoto ambaye damu yake inarudi nyuma tumboni na hapungukiwi mashine ni suala jingine. Inamaanisha mfereji usifungwe kwa sababu tu umesikika. Kusubiri nako ni kazi: kupima maji anayopewa asizidishiwe, kumsukumia hewa puani ili mapafu yasijae, na kurudia eko.

Mtoto wetu wa gramu 900 anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani akiwa amenenepa, na mfereji mwembamba bado uko wazi. Wengi wa namna hiyo hufunga katika mwaka wa kwanza. Wasiofunga wanaweza kuzibwa baadaye kwa katheta, jambo ambalo kwa watoto wakubwa hufanyika hata Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kwa hiyo usiondoke wodini bila tarehe ya kurudia eko, na usiikose kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Akianza kuhema haraka, kutokwa jasho anaponyonya, au kukaa bila kuongezeka uzito, usingoje tarehe hiyo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.