Dakika Sita za Arne Sorenson

Machi 2020, hoteli zikifungwa mji baada ya mji kwa sababu ya korona, mkurugenzi mtendaji wa Marriott, Arne Sorenson, aliwarekodia wafanyakazi wake video ya takriban dakika sita. Alikuwa akitibiwa saratani ya kongosho na kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja. Wasaidizi wake walisita kumwonyesha katika hali hiyo. Yeye alilimaliza jambo hilo mapema: kipara hicho kimeletwa na matibabu, kilitarajiwa, naye anajisikia vizuri. Kisha akaingia kwenye habari mbaya.

Alianza na hali ya biashara. China, ugonjwa ulikoanzia, biashara ilikuwa imeanguka kwa karibu asilimia 90. Katika masoko mengi mengine ilikuwa imeshuka asilimia 75 chini ya kawaida. Akasema pigo hilo kwa kampuni lilizidi mashambulizi ya Septemba 11, 2001 na mtikisiko wa fedha wa 2009 yakijumlishwa pamoja. Hizo ni takwimu tatu tu, lakini hata mfagiaji aliweza kuzipima kwa macho yake, maana vitanda alivyokuwa akivitandika kila asubuhi sasa vilikuwa vitupu. Na chumba kisicholaliwa usiku wa leo hakiwekwi akiba kikauzwa mara mbili kesho. Pesa yake imepotea.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa kiini cha video ile, nacho ni mpangilio wa nani anaumia kwanza. Sorenson alisema yeye na mwenyekiti Bill Marriott hawatachukua mshahara kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, na viongozi wakuu watakatwa nusu ya mishahara yao. Alieleza pia kwamba ajira mpya na matangazo vimesimamishwa. Baada ya hapo ndipo akawafikia wafanyakazi: wengine watapunguziwa siku za kazi, wengine watapewa likizo bila malipo. Angeanza na wafanyakazi na kumalizia na mshahara wake, maneno yale yale yangesikika kama kujipamba. Tusidanganyane, hata hivyo. Kwa mkurugenzi wa kampuni kubwa ya Marekani mshahara ni sehemu ndogo ya mapato, kwa kuwa nyingi hutoka kwenye hisa. Hatua ile haikuweza kuokoa ajira nyingi. Ilichofanya ni kumpa uso wa kusema yaliyofuata.

Mwishoni sauti yake ilitetereka. Alisema hakuna jambo gumu zaidi kwake kuliko kuwaambia watu anaowathamini kwamba kazi zao zimeguswa na jambo ambalo wao hawakulisababisha. Hakuwatajia tarehe ya kurudi kazini, na ilikuwa busara. Baadaye mwaka huohuo kampuni iliondoa mamia ya nafasi katika makao makuu yake huko Bethesda, Maryland. Sorenson mwenyewe alifariki Februari 2021.

Mlinganishe na Vishal Garg wa kampuni ya mikopo ya nyumba ya Better.com. Desemba 2021 aliwaita watu wapatao 900 kwenye mkutano wa Zoom na kuwafuta kazi wote kwa dakika chache, akiwaambia kwamba kuwemo kwao kwenye mkutano ule ndiyo dalili kuwa wamo kwenye orodha. Yeye pia alitumia lugha nyepesi, asiyejua msamiati wa ofisini angemwelewa. Ila alitaja kwamba mara iliyopita alipofanya hivyo alilia, yaani aliyeumia kwenye simulizi alikuwa yeye. Baadaye aliomba radhi kwa namna alivyolifanya jambo hilo.

Kwetu kuna mpaka mwingine, wa kisheria. Tanzania, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara anapofikiria kupunguza watu, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe, kuhusu sababu, njia za kuepuka, namna ya kuchagua watakaoondoka na kiinua mgongo. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inadai taarifa ya angalau mwezi mmoja, na afisa wa kazi naye aarifiwe. Kwa hiyo meneja wa Dar es Salaam au Mombasa anayetangaza kwenye video kwamba uamuzi umekwisha, huku hajaketi na mtu yeyote, anajitengenezea ushahidi dhidi yake. Video iseme kinachofikiriwa, kwa nini, lini mazungumzo yataanza na nani aulizwe. Majina ya wanaoondoka yasitajwe humo kabisa. Hao waitwe mmoja mmoja, wakabidhiwe barua yenye hesabu ya stahili zao mkononi.