0712 na 255712: Mteja Mmoja, au Wawili?

Chukua duka la vifaa vya ujenzi pale Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, linalokopesha wateja wa pande zote mbili. Mwenye duka ana orodha mbili kwenye Excel. Ya kwanza ni ya madeni, imenakiliwa kutoka daftarini. Ya pili ni ya malipo yaliyoingia kwa simu. Anataka kujua nani amelipa, kwa hiyo anaiagiza kompyuta itafute kila namba ya mdaiwa kwenye orodha ya malipo. Jibu linarudi kwamba karibu hakuna aliyelipa, na fedha zipo kwenye akaunti.

Tuchukue namba ya mfano, 0712345678. Kwenye malipo imeandikwa 255712345678, kwa sababu mfumo wa malipo huanza na msimbo wa nchi. Kwenye madeni mtu mmoja ameandika 0712 345 678, mwingine +255 712 345 678. Sisi tunaona laini moja. Kompyuta inalinganisha herufi moja baada ya nyingine, na nafasi nayo ni herufi, kwa hiyo kwake hizo ni namba tatu tofauti.

Excel yenyewe huongeza matatizo. Ukiandika 0712345678 bila nafasi, inadhani ni kiasi, kama fedha au kilo, na sifuri ya mbele kwenye kiasi haina kazi: inabaki 712345678. Ukiandika 255712345678, inakuonyesha 2.55712E+11. Hapo tarakimu zote bado zimo ndani ya seli, ila ukihifadhi faili kama CSV kinachohifadhiwa ni kile kinachoonekana, na ukilifungua tena unakuta 255712000000. Namba hiyo imekwisha. Hakuna fomula itakayoirudisha. Dawa ni kuiwekea safu nzima muundo wa Text kabla ya kuandika au kubandika chochote. Utaijua safu ambayo haikuwekewa kwa kuitazama tu: kwa kawaida maandishi hujipanga kushoto mwa seli, kiasi hujipanga kulia.

Kuna kanuni ya kimataifa ya kuandika namba hizi, iitwayo E.164, ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU): alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba yenyewe bila nafasi, yote isizidi tarakimu 15. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda, sifuri ya mbele huondoka msimbo unapoingia, na zinabaki tarakimu 9. Ndiyo maana mafundi wengi hukata tarakimu 9 za mwisho kwenye orodha zote mbili na kuzilinganisha. Njia hiyo ni nyepesi, na dukani kwa mtu wa Dodoma huenda isilete shida mwaka mzima.

Namanga italeta. 0712 345 678 inaweza kuwa laini ya Mtanzania, na 0712 345 678 hiyo hiyo ikawa laini ya Mkenya asiyemfahamu. Kinachowatenganisha ni 255 na 254, yaani kile kile kilichokatwa. Sasa malipo ya Mkenya yanafuta deni la Mtanzania, na hakuna alama yoyote nyekundu ya kukushtua. Kwa maoni yangu hili ni baya kuliko namba kukosa kuoana. Namba isiyooana utaiona na kuitafuta. Iliyooana na mtu mwingine unaiamini, mpaka mteja aje kugomba.

Kwa hiyo kwenye orodha ya madeni ongeza safu ya nchi, TZ au KE, ukiijaza kwa kumfahamu mteja au kwa kumuuliza. Namba ikiwa A2 na nchi B2, fomula ni hii:

```
=IF(B2="KE","254",IF(B2="TZ","255","?"))&RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2," ",""),CHAR(160),""),9)
```

Inaondoa nafasi, inachukua tarakimu 9 za mwisho, kisha inatanguliza msimbo. CHAR(160) ni nafasi ya aina nyingine, inayokuja mtu anaponakili namba kutoka kwenye tovuti. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ya kawaida. Asiyejulikana nchi anapata alama ya kuuliza, kwa hiyo hawezi kuoana na yeyote kwa bahati mbaya. Mteja wa Oman usimpitishe hapa: namba za kule zina tarakimu 8 baada ya 968, na fomula itabeba 8 ya msimbo ikidhani ni sehemu ya laini.

Kabla ya yote, pima urefu wa kila namba kwa LEN ukishaondoa nafasi, kisha panga orodha kwa urefu huo. Chini ya 9, kuna tarakimu iliyorukwa daftarini. Zaidi ya 14, mara nyingi ni mteja aliyeandikiwa laini mbili kwenye seli moja, zimetengwa kwa mkwaju. Hizo zigawe kwa mkono katika safu mbili, kwa sababu fomula itachukua ya pili na kuiacha ya kwanza, na huenda ya kwanza ndiyo aliyolipia.