Tiara: Pembetatu Inapopata Mwelekeo

Katika unajimu, sayari tatu zikiachana kwa nyuzi 120 huunda pembetatu kuu. Tuseme Mwezi uko nyuzi 10 za Saratani, Mshtarii 12 za Akarabu, Zuhura 11 za Hutu. Wanajimu huona hapo hisia na kipaji kinachotiririka kwa wepesi, lakini kinachoweza kulala kwa kukosa msukumo.

Ongeza Zohali, nyuzi 10 za Jadi. Inaukabili Mwezi kwa nyuzi 180, na iko takriban nyuzi 60 kutoka Mshtarii na Zuhura. Umbo limekuwa tiara. Mvutano na Mwezi huleta msukumo. Zohali huonyesha pa kuelekea: kazi yenye nidhamu.

Msalaba mkuu, wenye sayari nne zinazopishana kwa nyuzi 90, una msukumo tele bila wepesi huo.