Namba Zinazokaribiana Huishia Wapi?

Heroni wa Aleksandria, mhandisi wa karne ya 1 baada ya Kristo, aliacha katika kitabu chake Metrika njia fupi ya kutafuta kipeuo cha pili. Yeye alikuwa na 720. Sisi tuchukue 2. Kisia jibu, gawa 2 kwa kisio chako, kisha tafuta wastani wa kisio hicho na jibu la kugawa. Wastani huo ndio kisio kipya, nawe unarudia upya.

Tuanze na 1. Kugawa 2 kwa 1 kunatupa 2, na wastani wa 1 na 2 ni 3/2. Kugawa 2 kwa 3/2 kunatupa 4/3, na wastani wa hizo mbili ni 17/12. Duru inayofuata inaleta 577/408, na ya baada yake 665857/470832. Angalia mruko kutoka kisio kimoja hadi kingine: kutoka 3/2 hadi 17/12 tumeshuka kwa 1/12, kisha tukashuka kwa 1/408, kisha kwa 1/470832. Visio hivi vinabanana haraka mno, na ukichagua viwili vyovyote vya mbele, tofauti yao itakuwa ndogo kadiri upendavyo mradi uwe umesogea vya kutosha.

Sasa zidisha 17 kwa 17: unapata 289. Mara mbili ya 12 kwa 12 ni 288. Vivyo hivyo 577 kwa 577 ni 332929, na mara mbili ya 408 kwa 408 ni 332928. Kila sehemu katika mfuatano huu, tukiacha ile 1 ya kwanza, inazidi kwa moja tu. Haifiki. Wala hakuna sehemu nyingine yoyote itakayofika. Tuseme kiasi p na asili q, sehemu ikiwa imerahisishwa hadi mwisho, vinatimiza p² = 2q². Basi p² ni shufwa, kwa hiyo p pia ni shufwa, na p² inagawanyika kwa 4. Hapo q² nayo ni shufwa, na q vilevile. Kiasi na asili vyote ni shufwa, ilhali tulisema tumekwisha kurahisisha.

Kwa mtu asiyejua namba zozote ila sehemu, hali hii ni ya ajabu kweli. Namba zake zinakaribiana bila kikomo cha ukaribu, na bado hakuna mahali zinapokwenda.

Mifuatano ya aina hii hubeba jina la Augustin-Louis Cauchy, aliyekitoa kigezo chake katika kitabu cha mihadhara yake cha mwaka 1821, Paris. Miaka minne kabla yake Bernard Bolzano alikuwa ameandika jambo hilohilo Prague. Kigezo kinasema: chagua umbali wowote, hata uwe mdogo namna gani, lazima pawepo mahali katika mfuatano ambapo kuanzia hapo istilahi *zozote mbili*, ziwe jirani au ziwe mbali, zinatofautiana kwa chini ya umbali huo.

Hayo maneno “zozote mbili” ndiyo yanayorukwa mara nyingi. Chukua jumla 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea. Jumla ya hatua moja na ya hatua inayofuata zinatofautiana kwa sehemu inayozidi kuwa ndogo. Mwandishi wa programu akiiambia kompyuta isimame pale nyongeza inaposhuka hadi sehemu moja ya milioni, itasimama kwenye hatua ya milioni na kumpa takribani 14.39, jibu lenye sura nzuri kabisa. Lakini hakuna jibu. Kutoka hatua ya n hadi ya 2n tunaongeza sehemu n, na kila moja si ndogo kuliko 1/2n, kwa hiyo tunaongeza angalau nusu, kila safari. Akiiacha kompyuta iende hadi milioni mbili, jumla itapanda kwa karibu 0.69. Vijito vidogo namna hii hujaza bahari. Anayetaka kuifichua jumla ya aina hii alinganishe hatua ya n na ya 2n, asilinganishe jirani kwa jirani.

Tuseme basi kigezo kimetimia kweli. Kwa nini kwenye namba halisi lazima mfuatano uwe na kikomo? Chagua umbali wa 1/10. Pana mahali ambapo istilahi zote zinazofuata ziko ndani ya 1/10 kutoka kwa istilahi ya kwanza ya hapo, yaani zimebanwa katika kipande cha mstari chenye urefu wa 2/10. Sogea mbele, chagua 1/100: sasa zimebanwa katika kipande kisichozidi 2/100, nacho twaweza kukikata kiwe ndani ya kile cha kwanza. Kisha 1/1000, na kadhalika. Ncha za kushoto za vipande hivi hazirudi nyuma, ncha za kulia haziendi mbele, na hakuna ya kushoto inayoipita ya kulia.

Mpaka hapa hatujatumia chochote ambacho sehemu hazina. Visio vya Heroni vingepita hatua zote hizi salama. Tofauti iko kwenye hatua moja iliyobaki. Namba halisi zina sifa ya ukamilifu: kundi lolote la namba lisilo tupu na lenye mpaka wa juu lina mpaka wa juu ulio mdogo kuliko mingine yote. Ncha za kushoto zina mpaka wa juu, maana kila ncha ya kulia ni mpaka wao. Uite L ule mdogo kabisa. L haiko kushoto kwa ncha yoyote ya kushoto, wala kulia kwa ncha yoyote ya kulia, kwa hiyo imo ndani ya kila kipande. Istilahi zinazofuata nazo zimo humo, hivyo umbali wao kutoka L hauzidi 2/10, kisha 2/100, kisha 2/1000. L ndiyo kikomo.

Cauchy aliliona jambo hili kuwa wazi, hakulithibitisha. Bolzano alijaribu, akakwama palepale, kwani wakati huo hakuna aliyekuwa amesema namba halisi ni kitu gani hasa. Jibu lilikuja kwa Charles Méray mwaka 1869 na Georg Cantor mwaka 1872, nalo naliona la kijasiri: kama mfuatano wa sehemu unakaribiana lakini hauna pa kwenda, basi mfuatano wenyewe uhesabiwe kuwa namba. Mifuatano miwili ambayo tofauti yake inaelekea 0 ihesabiwe kuwa namba moja. Kipeuo cha pili cha 2 ni 1, 3/2, 17/12, 577/408 na kuendelea.

Mtu atauliza kama kwa kuziba matundu hivi hatukufungua mapya: je, mfuatano wa namba hizi mpya zinazokaribiana hautadai namba mpya zaidi? Haudai. Jirani na namba mpya ya kwanza chagua sehemu iliyo umbali usiozidi 1, jirani na ya pili sehemu iliyo umbali usiozidi 1/2, jirani na ya tatu 1/3, na kuendelea. Kwa kuwa namba zenyewe zinakaribiana, na kila sehemu inazidi kuisogelea namba yake, sehemu hizi nazo zinakaribiana. Basi zenyewe ni mfuatano wa sehemu unaotimiza kigezo, yaani ni namba ambayo tulikwisha kuiunda, na mfuatano wa namba mpya unaelekea hapo.