Hati ya Matokeo na Cheti: Karatasi Mbili, Uzito Tofauti

Matangazo ya kuitwa kwenye usaili yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Tanzania, huwa na sharti ambalo vijana wengi hulipitia juujuu. Linasema hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazitapokelewa, na atakayefika nazo badala ya vyeti halisi hataruhusiwa kuendelea na usaili. Wapo wanaolikumbuka wakiwa tayari mlangoni, bahasha mkononi, nauli ya kutoka mkoani imeshakwisha. Kinachowachanganya ni kwamba karatasi hiyohiyo ndiyo iliyowaingiza chuoni, na hakuna aliyewauliza swali.

Ukiziweka hati na cheti mezani pamoja, unaweza usione kwa nini moja ikataliwe. Zote mbili zina jina, namba ya mtahiniwa, masomo, alama na daraja. Tofauti iko katika kauli ya anayezitoa. Hati inasema haya ndiyo matokeo kama yalivyotangazwa. Cheti kinasema Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, limemaliza kazi yake juu ya mtahiniwa huyu na limemtunuku. Kati ya kauli hizo mbili hupita miezi, na miezi hiyo haipiti bure. Kuna wanaokata rufaa wakitaka alama zao zikaguliwe upya. Kuna ambao matokeo yao yamezuiwa mpaka jambo fulani lifafanuliwe. Kuna majina yaliyokosewa herufi tangu siku ya kusajiliwa. Ndiyo maana matokeo ya kipindi hicho huitwa ya muda.

Anayedhani neno hilo ni la urasimu tu akumbuke mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Matokeo yalitangazwa Februari 2013, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilitikisika, Waziri Mkuu akaunda tume, na mwanzoni mwa Mei serikali ikatangaza kwamba matokeo yale yamefutwa na yatapangwa upya. Matokeo mapya yalitoka kabla Mei haijaisha. Aliyekuwa ametoa nakala ya matokeo yake Februari na kuifungia kabatini alibaki na karatasi halali ya siku ile, lakini isiyoeleza tena alichokipata. Jambo kama hilo halitokei kila mwaka. Hata hivyo linaonyesha kwa nini taasisi yenye tahadhari haitaki kujenga uamuzi wa kudumu juu ya karatasi ya kipindi cha kusubiri.

Sasa tumchukue binti aliyefanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2024, mchepuo wa HKL. Julai matokeo yakatoka: Historia B, Kiswahili C, Kiingereza C. B ni pointi mbili, kila C ni pointi tatu, jumla nane, naye akawa na daraja la kwanza, ambalo kwa kidato cha sita huishia pointi tisa. Katika miezi hiyohiyo dirisha la maombi ya vyuo vikuu likafunguliwa, na vyuo hufungua milango mwishoni mwa mwaka. Cheti chake hakijachapwa. Chuo kikisema hakimpokei bila cheti, kitakuwa kimewafungia nje wahitimu wote wa mwaka ule. Kwa hiyo kinapokea hati yake, na kwa kweli hata hati yenyewe si tegemeo lake kuu. Katika maombi ya mtandaoni binti anaandika namba zake za mtihani za kidato cha nne na cha sita, na mfumo unayachukua matokeo kutoka kwenye kumbukumbu za NECTA. Karatasi anayokuja nayo siku ya usajili inakwenda kwenye faili.

Lakini katika usajili huohuo ataombwa pia cheti halisi cha kidato cha nne. Mtihani ule aliufanya zaidi ya miaka miwili iliyopita, vyeti vyake vimekwisha kupelekwa shuleni, na hana sababu ya kuendelea kushika slipu. Hapo ndipo ilipo kanuni ambayo haijaandikwa juu ya hati yoyote: hupokewa pale tu ambapo cheti hakiwezi kuwa kimetoka. Cheti kikishatoka, hati hupoteza kazi, na anayeendelea kuitumia huzua shaka. Anayeipokea atajiuliza cheti kimekwenda wapi.

Shaka hiyo ina historia. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Baada ya hapo sijaona ofisi ya umma ikilegeza kamba, na sidhani italegeza. Cheti cha NECTA kimetengenezwa ili kiwe kigumu kughushi: karatasi yake ni maalumu, kina namba yake ya pekee, na vya miaka ya karibuni vina picha ya mhusika. Hati ya matokeo mara nyingi ni karatasi ya kawaida kutoka kwenye printa ya kawaida. Inaeleza alama za fulani, ila haithibitishi kwamba aliyeishika ndiye huyo fulani.

Wengine hujaribu kuiongezea nguvu kwa muhuri wa wakili. Wakili anapogonga muhuri kwenye nakala anathibitisha kwamba nakala inafanana na karatasi aliyoonyeshwa, basi. Akionyeshwa slipu, kinachotoka ni nakala iliyothibitishwa ya slipu.

Wahitimu wa vyuo vikuu nao hukutana na jambo hili kwa sura nyingine. Mwanafunzi anamaliza mitihani Julai, idara inabandika matokeo, rafiki zake wanampongeza. Matokeo hayo bado yanasubiri idhini ya Seneti ya chuo, na shahada haijatunukiwa mpaka mahafali yafike. Nafasi ya kazi ikitangazwa Septemba, matokeo ya muda aliyonayo yamo katika orodha ileile ya nyaraka zisizopokewa. Hapa, kwa maoni yangu, sharti linaumiza watu wasio na kosa lolote, maana cheti chao kweli hakipo. Ila mwajiri anayetaka mtu aliyekwisha kuhitimu hawezi kulaumiwa kwa kutaka ushahidi kwamba amehitimu.

Kuna kazi moja ambayo hati huifanya vizuri na watu huidharau. Ni nafasi ya kukagua jina herufi kwa herufi dhidi ya cheti cha kuzaliwa, na kuona kama masomo yote yamo, wakati mkuu wa shule bado anaweza kuwasiliana na Baraza kabla cheti hakijachapwa. Kosa likishaingia kwenye cheti, kulitoa ni safari nyingine kabisa.

Na wapo waliopoteza cheti, wakaitoa hati ya zamani sandukuni wakiamini itawavusha. Haiwavushi. Njia yao inaanzia kituo cha polisi kwa taarifa ya upotevu, inapitia tangazo gazetini na kuishia kwenye maombi kwa NECTA. Baraza linaweza pia kuandika uthibitisho wa matokeo kwa mwajiri au chuo kinachouhitaji, na barua hiyo huenda moja kwa moja kwa anayeitaka, bila kupitia mikononi mwa mhusika.